Kipimo kisicho na ± kwenye mchoro

Kwa mafundi wenzangu wa karakana za Shimanzi na Changamwe: mchoro ukiwa na kipimo kisicho na ±, usikisie. Tazama kisanduku cha maelezo, kwa kawaida kona ya chini kulia. Kikisema ISO 2768-mK, herufi ndogo m ndiyo daraja la urefu na pembe. K inahusu umbo, kama unyoofu na ubapa, kwa hiyo hapa iache.

Tuseme unakereza bushi ya pampu ya boti. Urefu ni 120, bila ±. Fungua jedwali la urefu, safu ya m. Kipimo kinachoangukia mpakani huhesabiwa kundi la chini, kwa hiyo 120 imo kwenye "zaidi ya 30 hadi 120": ±0.3 mm. Basi 119.7 hadi 120.3 inapita. Ingekuwa 121, ungepata ±0.5.

Wengi hukosea kwenye kona. Chamfa ya 2 mm ina jedwali lake: ±0.2, si ±0.1 ya urefu wa 2 mm. Ukiikataa yenye 2.15 umetupa kazi nzuri bure. Na kipimo kilichowekwa ndani ya mabano hakiguswi na haya yote. Hicho ni cha taarifa tu.