Mkoani hadi Ngezi kwa ramani ya simu: namna ya kupanga safari wakati magari hayana ratiba

Msafiri anayeshuka melini Mkoani, kisiwani Pemba, akataka kufika Msitu wa Ngezi na kurudi kulala Chake Chake siku hiyo hiyo, ana vipande vitatu vya njia: gari namba 603 hadi Chake Chake, gari namba 602 hadi Konde, kisha mwendo wa miguu wa kilomita nne hivi. Programu ya ramani inaweza kumwonesha vipande vyote hivyo, lakini haijui gari litaondoka saa ngapi, kwa kuwa basi au daladala huondoka likijaa.

Hatua ya kwanza: weka vituo. Pakua ramani kabla ya kupanda meli, ili ifanye kazi hata pasipo mtandao. Ninatumia OsmAnd, lakini utaratibu ni ule ule kwa programu nyingine. Chagua usafiri wa umma, kisha uombe njia ya Mkoani hadi Konde. Ikiwa njia haikutokea, usidhani hakuna gari. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeichora njia hiyo katika ramani. Weka alama nne mwenyewe, yaani bandari ya Mkoani, kituo cha Chake Chake, kituo cha Konde na lango la Ngezi, kisha uulize muda wa kila kipande peke yake: viwili vya mwanzo kwa gari, na cha mwisho kwa miguu.

Hatua ya pili: tenganisha mwendo na kungoja. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. OsmAnd haitumii ratiba, kwa hiyo muda inaoutoa ni makadirio ya mwendo tu. Programu nyingine hupewa muda wa wastani baina ya gari moja na jingine, tuseme nusu saa, na baadhi yake huhesabu kwamba utangoja nusu ya muda huo. Hesabu hiyo inafaa pale gari linapopita kwa saa, lakini haifai pale linapongoja abiria. Meli ikifika Mkoani, magari hujaa upesi kwa sababu watu wote wanashuka kwa pamoja. Ukichelewa bandarini kwa mizigo, unaweza kukaa kitini muda mrefu mbele ya viti vitupu. Kwa hiyo andika muda wa kungoja kwa namba mbili, ya uchache na ya wingi, na upange kwa ile ya wingi.

Hatua ya tatu: uliza gari la mwisho. Mwulize konda wa 602, au wenye maduka karibu na kituo cha Konde, kama gari la mwisho la kurudi Chake Chake huondoka kabla ya sala ya Alasiri au baada yake. Swali hilo hujibiwa kwa uhakika zaidi kuliko kuuliza saa kamili. Uliza pia habari ya Ijumaa na ya Ramadhani, kwani mchana wa Ijumaa magari husimama kwa sala, na jioni za Ramadhani kila mtu huwahi kufuturu nyumbani.

Hatua ya nne: hesabu kuanzia mwisho. Tuseme umeambiwa kwamba baada ya Alasiri hakuna uhakika. Jiwekee kuwa Konde saa tisa na nusu alasiri, ambayo simu itaiandika 15:30. Programu hukadiria mwendo wa miguu wa kilomita tano hivi kwa saa, lakini kwa jua la mchana nahesabu saa nzima kwa kilomita hizo nne. Basi utoke Ngezi saa nane na nusu. Ukitaka saa moja na nusu msituni, ufike langoni saa saba, na uondoke Konde kwa miguu saa sita. Nikikadiria saa moja na robo ya mwendo wa 602 na dakika 45 za kungoja, unatakiwa uwe kituoni Chake Chake saa nne. Toa saa moja ya 603 na nusu saa ya kungoja: uwe bandarini saa mbili na nusu asubuhi.

Hatua ya tano: weka mahali pa kuamua. Katika mpango huu mahali hapo ni Chake Chake. Ukifika hapo baada ya saa nne, au ukaona 602 ina abiria wachache na hakuna wanaoongezeka, lala Chake Chake na uende Ngezi kesho asubuhi. Ukishavuka hapo huna tena nafasi ya kusahihisha, kwani kuchelewa Konde hakuwezi kufidiwa kwa kutembea haraka.

Wakati wa kurudi, pandia kituoni Konde penyewe hata kama programu inapendekeza kusimama njiani ili kupunguza mita chache za kutembea. Gari lililojaa kituoni linaweza kukupita njiani bila kusimama, na ramani haitakuonesha kwamba limejaa.