Kabla ya Mtihani wa Ualimu: Nadharia Ionekane Ndani ya Andalio la Somo

Wanachuo wengi ninaowaona hapa Kasulu wakijiandaa na mtihani wana madaftari mawili: moja la saikolojia ya elimu, jingine la mbinu za kufundishia. La kwanza limejaa Piaget, Skinner na Vygotsky. La pili lina azimio la kazi na andalio la somo. Wanayakariri yote mawili vizuri, kisha swali linakuja likitaka waoneshe nadharia fulani inavyofanya kazi katika hatua za somo, na hapo kalamu inasimama. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandaa ni somo moja unalolijua mpaka kwenye vifaa vyake, ambalo unaweza kulitoa kama mfano wa nadharia yoyote utakayoulizwa. Mimi hutumia somo la ujazo, Hisabati, Darasa la Tatu.

Anza na lengo mahususi, maana hapo ndipo alama za mwanzo zinapopotea. Ukiandika "wanafunzi waelewe ujazo", msahihishaji hana cha kupima, kwa kuwa kuelewa hakuonekani kwa macho. Andika hivi: "Kufikia mwisho wa kipindi cha dakika 40, kila mwanafunzi aweze kueleza kwa nini ujazo wa maji haubadiliki yanapohamishiwa kwenye chombo kingine." Kueleza kunasikika, na utajua nani ameweza na nani bado.

Sasa ingia darasani. Utangulizi, dakika 5. Unaweka mezani chupa mbili za maji za nusu lita, zote zimejaa sawasawa. Unauliza kama zina maji sawa, darasa zima linakubali. Unamimina chupa moja kwenye beseni pana mbele ya macho yao, kisha unauliza tena: wapi kuna maji mengi? Wako watakaopaza sauti, "Kwenye chupa, mwalimu!" Huyo ndiye mtoto wa Piaget. Katika hatua ya pili ya ukuaji wa utambuzi, takribani miaka 2 hadi 7, mtoto hutazama sifa moja tu, hapa ni kimo cha maji, na hawezi bado kuyarudisha maji kwenye chupa kwa mawazo. Katika hatua ya tatu, miaka 7 hadi 11 hivi, anaweza, mradi vitu viwe mbele yake. Ndiyo maana unaleta beseni badala ya kuandika ufafanuzi ubaoni.

Ukiulizwa udhaifu wa Piaget, usiishie kusema kwamba "umri hutofautiana". Mtoto wa Ujiji anayemsaidia mama yake kupimia wateja mawese ameshaona mara nyingi mafuta ya kopo moja yakibadili sura kwenye vyombo tofauti. Anaweza kumtangulia mwenzake wa umri uleule. Utafiti uliochapishwa mwaka 1969 kuhusu watoto wa wafinyanzi nchini Mexico ulionesha jambo la namna hiyo: watoto waliozoea kushika udongo walitambua mapema kwamba kiasi chake hakibadiliki umbo linapobadilika.

Angalizo moja kuhusu vifaa. Katika mazoezi ya kufundisha niliwahi kutumia mawese yenyewe, nikidhani mfano wa nyumbani utanoga zaidi. Nilipoyarudisha kwenye chupa yalikuwa yamepungua karibu upana wa kidole, kwa sababu mengine yalibaki yameshika ukuta wa beseni. Watoto wakasema yamepungua, na walikuwa wakweli. Somo likawa limethibitisha kinyume cha lengo langu. Tangu hapo natumia maji yaliyotiwa rangi kidogo, na jaribio nalifanya kwanza nyumbani. Hata kwenye mtihani, andika zana unayojua inavyofanya kazi.

Maarifa mapya huchukua dakika 15, na hapa ni nyumba ya Vygotsky. Wanafunzi 60 wanagawanywa makundi 10, kila kundi chupa moja, bakuli moja na kopo. Wanamimina, wanatabiri, wanarudisha, wanabishana. Vygotsky alisema kuna eneo lililo kati ya kile ambacho mtoto anakiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa na anayejua zaidi, na kufundisha kunafaa katika eneo hilo. Kwa hiyo makundi usiyapange kwa madawati tu. Katika kila kundi awepo angalau mmoja aliyejibu vyema kwenye utangulizi. Wewe unapita na maswali: "Tumeongeza maji? Tumemwaga?" Msaada huo ni kama kiunzi cha mafundi, ukuta ukisimama kinaondolewa. Ila hapa jihadhari sana: neno hilo la kiunzi halikutoka kwa Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934. Lilitumiwa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976. Wengi huliandika chini ya jina la Vygotsky.

Kuimarisha maarifa, dakika 10, ni zoezi la mtu mmoja mmoja daftarini. Skinner anaingia hapa, na kosa maarufu la watahiniwa kumhusu pia. Uimarishaji hasi haumaanishi adhabu. Ukimsifu aliyepata, umempa kitu anachokipenda ili tabia irudiwe. Huo ni uimarishaji chanya. Ukisema "atakayemaliza maswali yote matano kwa usahihi hatapewa kazi ya nyumbani", umeondoa kitu asichokipenda ili tabia irudiwe. Huo ndio uimarishaji hasi. Adhabu hupunguza tabia, uimarishaji wa aina zote mbili huiongeza. Jiulize tu: baada ya hapo tabia itaongezeka au itapungua?

Tafakuri na hitimisho, dakika 5 kila moja, hazina mengi. Kwenye tafakuri, wanafunzi ndio wanaosema walichobadili katika mawazo yao. Yule aliyesema "kwenye chupa" mwanzoni apewe nafasi. Kwenye hitimisho unakusanya hoja na kutoa kazi. Majina ya hatua yamekuwa yakibadilika mitaala inapoboreshwa, hivyo tumia yaliyomo kwenye muhtasari wenu, na jumlisha dakika kabla ya kugeuza ukurasa: 5, 15, 10, 5 na 5 ni 40. Andalio lenye dakika 45 ndani ya kipindi cha 40 ni kosa ambalo msahihishaji haliachi.

Pia kagua safu ya kazi za wanafunzi. Kama kila mstari unasema "kusikiliza", basi somo zima ni lako, na huwezi kudai kwamba umetumia Vygotsky. Kila tendo la mwalimu liwe na tendo la mwanafunzi linalolijibu: mwalimu anauliza utabiri, wanafunzi wanatabiri na kumimina.

Mwisho kuna tathmini, ambayo watu huichanganya na tafakuri. Tafakuri iko ndani ya kipindi. Tathmini unaijaza kipindi kikiisha, kwa kuangalia lengo lako: "Wanafunzi 47 kati ya 60 waliweza kueleza. Waliobaki 13 watarudia jaribio kwa vyombo vyenye kimo tofauti mwanzoni mwa kipindi kijacho."