Pima ndani ya kiondo

Mteja, weka kiondo kitupu kwenye mizani kwanza, turudishe mshale kwenye sifuri. Kisha tunapimia humo humo tukisoma uzito unaoongezeka: viazi na vitunguu chini, karoti juu yake, nyanya mwisho, sukuma wiki isimame ubavuni. Nyanya zikitangulia, viazi vitazifanya rojo kabla matatu haijafika Githurai. Kwa nyama na samaki kiondo hakifai, maji yake hupenya katani na harufu haitoki. Njoo na kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini bado inachomolewa chini ya meza. Basi wiki hii, ukinunua vyote bila kuomba mfuko, dania ni juu yetu. Nasi tukikuchomolea mmoja, utudai vitunguu viwili.