Kufupisha kaswida bila kuivunja

Wanaorekodi kaswida Lamu kwa ajili ya redio, kabla hamjafuta ubeti, punguzeni kiitikio kwanza. Tuseme mmepewa dakika 3, ubeti unachukua sekunde 15 na kiitikio 10. Mkifungua kwa kiitikio na kukirudia kila baada ya ubeti, zinaingia beti 6 tu. Kirudieni baada ya kila beti mbili, zitaingia 8 kwa sekunde 170, na pumzi ya kumalizia inabaki.

Bado ni ndefu? Ubeti wa kumsifu Mola mwanzoni na ule wa dua mwishoni viacheni, kateni katikati. Ondoeni ubeti mzima, kwani ukitoa mshororo mmoja vina vinapwaya na wapiga matari wanapotezana. Kisha tazameni ubeti unaofuata pengo unaanzaje. Ukianza na "naye", "hapo" au "akamwambia", unategemea ule mliouondoa. Msikilizaji atauliza nani kamwambia nani. Basi hamisheni mkato mbele kidogo.

Kwa klipu ya simu ya sekunde 30, kiitikio na ubeti mmoja unaojitosheleza vinatosha. Mimi huchagua wa dua.

Njia hii haifai kwa tungo ambazo kila ubeti unaanza na herufi yake, alifu, be, te; ukitoa mmoja, wazee wanalijua pengo papo hapo. Hizo zigawanyeni sehemu mbili, zirushwe siku mbili. Visa virefu navyo vivyo hivyo.