Jiko jipya la umeme: uweke breka ya ngapi na waya wa ngapi? Hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilikuwa Kigamboni kufunga jiko la sahani 4 na oveni, na mwenye nyumba alishanunua waya wa 2.5mm na breka ya 40 kwa sababu muuzaji alimwambia jiko kubwa linataka breka kubwa. Huo mchanganyiko ndo unaochoma nyumba, kwahiyo nachukua jiko lilelile nionyeshe hesabu yote.

Hatua ya 1: soma lebo

Lebo iko nyuma ya jiko au ukifungua mlango wa oveni pembeni. Usiangalie boksi, angalia lebo. Hili letu liliandikwa 220-240V~ 50Hz 7800W. Ukijumlisha inakuja sawa, sahani zote 4 pamoja wati 6000 na oveni 1800. Kama la kwako ni la gesi 3 na umeme 1 lebo itaonyesha wati kidogo sana, usikopi namba zangu. Na ukikuta 400V 3N~ ujue jiko linaweza kugawanywa kwenye fezi 3, hesabu yake ni nyingine.

Hatua ya 2: badilisha wati kuwa ampia

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, kwahiyo gawanya tu:

```
7800 / 230 = 33.9 A
```

Hapa watu wengi wanachanganya, wanasema umeme ukishuka jiko litavuta ampia nyingi zaidi. Sio kweli kwa jiko la sahani, hiyo ni tabia ya mota. Koili ya jiko ni kizuizi cha kawaida, volti zikishuka na ampia zinashuka, jiko linapoa tu na maharage yanachelewa. Kwahiyo usigawe kwa 180 eti kwa sababu mtaani kwenu umeme ni mdogo, utapata namba kubwa ya uongo.

Hatua ya 3: punguza kwa matumizi halisi

Hizo ampia 34 zinatokea pale tu sahani zote na oveni vikiwa vimewaka kwa pamoja, na hata hapo haidumu maana oveni ikifika joto lake inajizima na kujiwasha yenyewe, na sahani ukipunguza moto zinafanya hivyohivyo. Ndo maana kwa jiko la familia mafundi tunatumia kanuni hii: chukua ampia 10 za kwanza zote, halafu asilimia 30 ya zinazobaki, na kama swichi ya jiko ina soketi pembeni ongeza 5.

```
10 + 0.3 x 23.9 + 5 = 22.2 A
```

Kanuni hii ni ya nyumbani. Mama anayepikia biashara sahani zote 4 kuanzia alfajiri mpaka jioni usimpunguzie hata ampia moja, huyo mhesabie 34 zote, na mimi ningempa breka ya 40 na waya wa 10mm.

Hatua ya 4: chagua breka

Breka inatakiwa isiwe chini ya ampia ulizopata. Juu ya 22.2 kuna 25 na kuna 32, mi nachukua 32 na sababu ni hii: siku ya sikukuu kila kitu kitawaka na jiko litavuta karibu 34 kwa muda. Breka ya 32 imetengenezwa ivumilie mpaka ampia 36 hivi kwa saa nzima bila kukata, ya 25 itakukatia katikati ya pilau.

Ila shika hili, breka hailindi jiko, inalinda waya uliomo ukutani. Breka ya 40 juu ya waya wa 2.5mm, jiko likivuta 34 breka iko kimya kabisa haina habari, na waya ambao uwezo wake ni ampia 24 ndani ya bomba unaiva taratibu.

Hatua ya 5: chagua waya, na hapa ndo bati linaingia

Waya wa shaba wa kawaida ukipita peke yake ndani ya bomba, majedwali yanatoa 4mm ampia 32, 6mm ampia 41, 10mm ampia 57. Ukiangalia haraka unasema 4mm inatosha breka ya 32, safi. Shida ni kwamba namba hizo ni za joto la nyuzi 30, na nyumba zetu waya unapita juu ya dari chini ya bati, mchana huko ukiingiza kichwa hukai dakika tano. Kwa nyuzi 45 unazidisha kwa 0.79:

```
4mm:  32 x 0.79 = 25.3 A
6mm:  41 x 0.79 = 32.4 A
```

Umeona? Ya 4mm imeshindwa kubeba breka ya 32, ya 6mm imepita kwa kukwaruza. Kwahiyo jibu la jiko hili ni breka ya 32 na waya wa 6mm. Na kwa kuwa imepita kwa kukwaruza, bomba hilo libaki la jiko peke yake, ukichomeka humo na waya za soketi joto linaongezeka na hesabu imeharibika. Kwa umbali usiwe na wasiwasi, mita 18 za pale zinapoteza volti 4 na kidogo tu jiko likiwaka lote.

Dukani kwaruza ncha ya waya kwa kisu, ikitokea nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, achana nayo. Waya halisi wa 6mm wa nyuzi 7, kila uzi una unene wa milimita 1 na kitu, chini ya hapo umeuziwa 4mm.

Hatua ya 6: ethi

Nyumba nyingi ethi yake ni fimbo iliyopigwa chini. Tuseme fimbo hiyo ina ohm 20, na hiyo ni nzuri. Laivu ikigusa bodi ya jiko zitapita ampia 230/20 = 11.5, na breka ya 32 haitakata hata mwaka mzima huku bodi ina shoti ya kuua. Kwa hiyo lazima kuwe na breka ya kukata umeme unaovuja, ile yenye kibonyezo cha T, ya 30mA. Bonyeza T, isipokata badilisha kabla jiko halijawaka.

Hatua ya 7: funga na upime

Zima meni, pima kwa testa kwamba kweli hakuna umeme, na kama hujawahi kufungua boksi la breka mwite fundi. Swichi ya jiko iwe ya ampia 45. Skrubu kaza haswa, kila waya uvute kwa mkono baada ya kukaza.

Pale Kigamboni tuliwasha kila kitu, klampu mita ikasoma karibu 33 badala ya 34, maana volti siku hiyo zilikuwa 222 na sahani zinafuata volti kama nilivyosema. Tukaacha nusu saa kisha nikagusa uso wa swichi, ulikuwa vuguvugu. Ukiwa wa moto wa kutoa mkono, au ukisikia harufu ya plastiki, zima meni ufungue, mara nyingi utakuta skrubu imelegea.

Zile 2.5mm alizonunua tukazirudisha dukani, breka ya 40 wakakataa kuipokea.