Kabla ya Kuwasha Jiko la Mishikaki Mahali pa Usiku: Mambo ya Kuzingatia

Anayetaka kuuza mishikaki karibu na baa au kituo cha daladala jijini Dar es Salaam, iwe Sinza, Mwenge au Tabata, kwa kawaida huanza kwa kununua jiko na nyama, kisha ndipo atafute pa kusimama. Ni heri aanze na mahali, kwa kuwa mahali ndipo panapoamua ukubwa wa jiko, kiasi cha nyama na hata saa ya kufunga. Aende pale bila bidhaa yoyote, usiku wa katikati ya wiki na tena usiku wa Ijumaa au wa mwisho wa mwezi, akae kuanzia saa moja hadi saa sita, akiangalia zaidi wanaosimama kuliko wanaopita. Barabara yenye watu wengi wanaokimbilia gari la mwisho haiuzi kama kona yenye watu wachache wanaosubiri: wanaosubiri bodaboda, wanaosubiri wenzao watoke baa, wanaosubiri mpira uanze.

Kwa sababu hiyo hiyo, mlango wenyewe wa baa si mahali pazuri kama wengi wanavyodhani. Pale watu wanasukumana, mwenye baa anaweza kuwa na jiko lake la ndani, na moshi ukiingia ukumbini wewe utafukuzwa usiku wa kwanza. Hatua 15 au 20 kutoka mlangoni, upande ambao bodaboda wanapaki, ndipo mteja anapopata nafasi ya kusimama na kula. Zungumza mapema na mwenye baa, na wale vijana wa bodaboda, na ofisi ya serikali ya mtaa, ambako utaelezwa kuhusu hifadhi ya barabara, ushuru na cheti cha kupimwa afya kinachotakiwa kwa mtu anayeuza chakula. Angalia pia upepo. Pwani, upepo wa baharini wa mchana mara nyingi hulegea usiku, na wakati mwingine hugeuka na kuvuma kutoka nchi kavu, kwa hiyo jiko lililopangwa saa kumi jioni likionekana liko sawa linaweza saa nne usiku kuwa linawapulizia moshi wateja waliokaa kwenye benchi.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni taa, ingawa ndilo linaloachwa hadi mwisho. Mwanga wa taa za baa, wenye rangi nyekundu, kijani au zambarau, unapendezesha mtaa lakini unadanganya macho ya mchomaji. Chini ya taa nyekundu, nyama mbichi iliyo na damu katikati na nyama iliyoiva hufanana kabisa, na kuku ndiye hatari zaidi, kwa sababu ngozi yake huungua mapema huku sehemu iliyoshikana na mfupa bado ni ya waridi. Jiko linahitaji taa yake nyeupe, ining'inizwe juu na mbele kidogo ya mchomaji, ili kivuli cha kichwa chake kisiangukie nyama, na isiwe nyuma yake kiasi kwamba mteja anamulikwa machoni na uso wa muuzaji hauonekani. Mteja wa usiku hununua kile anachokiona vizuri, na mtu anayeona nyama, mikono na bakuli la kachumbari hana haja ya kuuliza maswali mengi. Pamoja na taa ya umeme, weka taa ya kuchaji iliyojaa, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya mauzo utabaki na makaa, visu na fedha gizani.

Tabia za wateja hubadilika kadiri usiku unavyokwenda. Kati ya saa moja na saa tatu wengi wanarudi nyumbani. Hununua mitatu au minne, wanataka kufungiwa, na wanalipa papo hapo. Baada ya saa nne huja wanaokunywa. Hao hukaa, huagiza mmoja mmoja, na hupenda kulipa mwishoni, ndiyo maana vijiti walivyokwisha kula viwekwe kwenye sahani yao mpaka hesabu ifungwe, na mwenye kuagiza kwa ajili ya meza nzima ajulikane tangu mwanzo. Mwezi wa Ramadhani, mpangilio huo hubadilika kabisa katika mitaa yenye Waislamu wengi, kwani biashara hupanda baada ya futari na tarawehe na inaweza kuendelea hadi karibu na daku.

Tuchukue usiku wa mpira wa Ulaya unaoanza saa nne kwa saa zetu. Mapumziko yatafika karibu saa tano kasoro robo na yatachukua dakika 15. Tuseme jiko linachukua mishikaki 15 kwa mara moja, na kila mmoja unahitaji takriban dakika 10 juu ya makaa yaliyokwisha kuwa na majivu meupe. Kwa dakika hizo 15 utachoma mkupuo mmoja, labda na nusu, huku watu 30 wakiwa wamesimama mbele yako. Kishawishi kinachokuja hapo ni kuchoma nusu nusu mapema na kuiweka pembeni ili imaliziwe baadaye, na hilo lisifanyike, kwani nyama yenye uvuguvugu isiyoiva ndiyo makao mazuri ya vijidudu. Njia salama ni kuchoma mkupuo wa kwanza mpaka uive kabisa dakika za mwisho za kipindi cha kwanza, uusogeze ukingoni mwa jiko ambako bado kuna moto wa kutosha, kisha mkupuo wa pili uwekwe katikati filimbi inapopulizwa.

Kiasi cha nyama kifuate hesabu hiyo. Kilo moja ya steki, ikikatwa vipande vya gramu 20 hadi 25 na kila kijiti kikabeba vinne, hutoa mishikaki 10 hadi 12, kwa hiyo kilo 5 zinatosha kuanza kujaribu eneo jipya. Nyama iliyokwisha kutiwa viungo ikae ndani ya deli lenye barafu, ikigawanywa katika mifuko midogo, na mfuko mmoja tu utolewe kwa wakati mmoja, kwa sababu chakula kinachoharibika haraka hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na usiku wa Dar bado una joto. Mchuzi uliolowekea nyama mbichi usipakwe kwenye nyama iliyoiva, na koleo la mbichi lisiguse iliyoiva.

Kuhusu usalama, jiko liwe kati yako na wateja, ukuta au uzio ukiwa nyuma yako, ili mlevi asipite mgongoni palipo fedha na visu, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Malipo ya simu yathibitishwe kwa kuangalia salio, kwani ujumbe wa muamala unaweza kughushiwa na saa sita usiku hakuna mwenye subira ya kubishana. Fedha taslimu ipunguzwe mkobani kila baada ya muda na kukabidhiwa mtu unayemwamini. Makaa yaliyobaki yamwagiwe maji hadi yaache kufuka, kisha yatiwe kwenye debe la bati, kamwe si kwenye pipa la plastiki wala kando ya barabara ambako asubuhi watoto hupita na ndala.