Uza Julai au subiri Januari? Namna ya kupiga hesabu ya gunia la mahindi

Huku Mbozi mahindi yanashuka bei kuanzia Juni hadi Agosti, wakati kila mtu anavuna, halafu yanapanda taratibu hadi Januari na Februari. Hilo kila mkulima analijua. Lisilojulikana ni kama kupanda kwenyewe kunalipa gharama ya kusubiri, na jibu linatoka kwenye gunia lako, si la jirani. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano. Wewe weka za kwako.

Hatua ya kwanza: toa chakula na madeni pembeni

Kabla ya hesabu yoyote, tenga magunia ya kula nyumbani mpaka mavuno yajayo. Hayo hayauzwi, kwa sababu ukiyauza Julai utayanunua Februari kwa bei ya juu.

Kisha angalia madeni. Mwenye mkopo wa pembejeo wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi, akikaa na mahindi miezi sita, kila gunia la shilingi 55,000 linabeba riba ya 33,000. Sijawahi kuona bei ya mahindi inayostahimili mzigo huo kwa uhakika. Uza magunia ya kutosha kulipa deni hilo wakati wa mavuno, kisha fikiria kuhifadhi yanayobaki.

Hatua ya pili: pima unyevu

Chukua chupa safi ya kioo, iliyokauka kabisa. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuwekwa stoo. Isipogandamana, uko chini ya 15, lakini kuhifadhi miezi mingi kunahitaji 13 au 13.5, kwa hiyo yarudishe juani, juu ya turubai, siku moja au mbili zaidi. Mfuko usiopitisha hewa haukaushi mahindi. Ukifunga mabichi, utakuta ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, hivyo mahindi yanayonuka uvundo hayauzwi wala hayaliwi.

Maji nayo yana bei. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi 13, hubaki kilo 94 na kidogo. Kama mnunuzi wa Julai anakubali kupima mahindi yako yakiwa na unyevu huo, basi anakulipa kilo karibu sita za maji ambazo wewe ukisubiri utazipoteza. Wengi hawaiingizi hii kwenye hesabu.

Hatua ya tatu: tafuta bei ya kurudisha gharama

Hii ndiyo bei ambayo chini yake ungekuwa na nafuu kama ungeuza wakati wa mavuno. Kanuni yake ni hii:

```
(bei ya mavuno + gharama za kuhifadhi + gharama ya pesa) ÷ sehemu ya mahindi inayobaki
```

Tuchukue gunia la kilo 100, lililokauka vizuri, mnunuzi anatoa 55,000 mwezi Julai, na unataka kuuza Januari. Mfuko wa PICS, ule wenye nailoni mbili ndani, 5,000. Kubeba kuingiza na kutoa 1,000. Stoo 500 kwa mwezi, miezi sita 3,000. Gharama ya pesa ni riba unayolipa, au faida ambayo 55,000 ingekuletea kwingine, kwa mfano kwenye kuku au duka. Niiweke asilimia 3 kwa mwezi, ambayo ni 9,900. Jumla inafika 73,900. Mfuko ukifungwa sawasawa upotevu ni mdogo, niseme asilimia 2, kwa hiyo gawa kwa 0.98. Unapata karibu 75,400.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa kiroba cha kawaida na dawa ya unga, jumla 3,000 badala ya 5,000. Inaonekana umeokoa 2,000. Lakini dumuzi akiingia na kula kilo 12 kati ya 100, unagawa 71,900 kwa 0.88 na bei inayohitajika inakuwa 81,700. Hapo sijahesabu punguzo atakalodai mnunuzi akiona punje zenye matobo. Na kama Julai uliacha mnunuzi aliyekubali unyevu wa asilimia 18, hata mwenye mfuko wa PICS anahitaji karibu 80,000.

Hatua ya nne: linganisha na bei za miaka iliyopita

Andika bei ya soko lako ya Julai na ya Januari kwa miaka mitano hivi. Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa bei za jumla za mahindi kwa masoko makubwa, nazo zinasaidia kujaza mapengo, ila toa usafiri na ushuru kutoka shambani kwako hadi soko hilo. Kisha hesabu ni miaka mingapi Januari ilifika bei unayohitaji. Ikiwa ni minne kati ya mitano, hifadhi. Ikiwa ni miwili, uza nusu au zaidi sasa.

Usichukue wastani tu, kwa sababu mwaka mmoja mbaya unaweza kufuta faida ya miwili. Mwaka 2017 serikali ilizuia kuuza mahindi nje, na mavuno yalikuwa mengi. Bei huku nyanda za juu kusini ikaanguka, na waliohifadhi kila kitu wakakosa pa kuyapeleka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakasimama Namanga. Zuio lililegezwa kwa masharti ndani ya siku chache, lakini mwenye ada ya shule ya kulipa wiki ile hakuwa na nafasi ya kungoja. Ndiyo maana sishauri kuhifadhi yote ya kuuza, hata hesabu ikiwa nzuri namna gani.

Hatua ya tano: rudia hesabu kila mwezi

Mfuko na ubebaji vikishalipwa, visahau. Swali la kila mwezi ni kama bei ya mwezi ujao itapanda zaidi ya gharama ya mwezi huo. Bei ikiwa 78,000 Januari, mwezi mmoja zaidi unakugharimu stoo 500, pesa 2,340 na upotevu kama 400, karibu 3,250 kwa jumla. Kama hutarajii Februari kufika angalau 81,250, uza. Kuanzia Machi kuwa mwangalifu zaidi: mahindi mabichi yanaingia sokoni, na mwezi wa nne au wa tano Zambia na Malawi wanavuna.

Mifuko ya PICS usiifungue kukagua, maana hewa ikiingia wadudu wanafufuka. Itazame nje kama ina matobo au imechanwa na panya. Viroba vya kawaida vipime kwa mizani kila mwezi. Ukikuta vumbi la unga chini ya kiroba, dumuzi ameshaanza kazi, na hapo hesabu ya kusubiri imekwisha. Uza wiki hiyo.

Siku ya kuuza

Dai mizani. Mnunuzi anaweza kukupa 78,000 kwa gunia lakini akataka lumbesa. Ikiwa lumbesa hiyo ina kilo 120, amekulipa 65,000 kwa kilo 100, chini ya ile 75,400 uliyoihitaji, na miezi sita yote umemhifadhia yeye.